Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mtu wa stendi anayesema amekwama na anaomba nauli

Nimekata tiketi stendi miaka kadhaa, na swali nililoulizwa kuliko yote sio basi linatoka saa ngapi, ni hili la "yule kaka pale nje anasema ameibiwa, ni kweli au tapeli?". Nimeona wa kweli na nimeona waongo, wengine nimewaona kila wiki kwa miezi wakiwa "wamefika leo leo". Majibu hapa chini yanahusu hadithi hiyo moja tu, ya msafiri aliyekwama anayeomba nauli au kiasi kilichopelea kwenye nauli.

Je, wengi wao ni waongo?

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Watu wanaokwama kweli ni wengi, kuibiwa begi kwenye basi kunatokea, mtu anashuka kujisaidia basi linamwacha na mzigo wake ndani, mwingine kaja kufata kazi aliyoahidiwa kafika hakuna kazi wala mwenyeji. Kwa hiyo usiseme hakuna mtu anakwama siku hizi. Ila swali lako wewe ni lingine, ni kwamba huyu aliyekufata WEWE, uwezekano ni upi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme stendi moja kwa mwezi wanakwama watu 10 wa kweli, na kila mmoja anaomba watu kama 8 mpaka anapata nauli halafu anaondoka, humuoni tena. Hao wamefanya maombi 80. Alafu tuseme yupo tapeli mmoja tu, anaomba watu 40 kwa siku, siku 25 za mwezi. Huyo peke yake ana maombi 1,000. Jumla maombi 1,080, ya kweli ni 80, yaani kama 7 tu kwa kila 100. Waliokwama kweli ni 10 na mwongo ni mmoja, lakini wewe unayepita na begi lako karibu kila mara utakutana na yule mmoja, kwa sababu yeye haondoki. Namba hizo ni za kuonyesha tu, stendi yako inaweza kuwa na zake, ila mwendo wa hesabu ndio huo.

Na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mtu anayeomba kila siku mahali pamoja anajulikana. Wabeba mizigo wanamjua, wakata tiketi wanamjua, mfagiaji anamjua. Kuuliza mmoja wao "yule mumemuona lini?" kunakupa jibu kuliko kumkodolea macho dakika kumi. Uliza zaidi ya mmoja lakini, maana wapo wanaogawana naye.

Siwezi kumjua kwa kumwangalia usoni? Anayeongopa si macho yanakimbia?

Hapana, na naomba hili ulichukue kwa uzito. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya pamoja majaribio ya watu zaidi ya 24,000 waliopewa kazi ya kutofautisha mwongo na mkweli bila msaada wowote, na kwa wastani walipatia mara 54 katika 100. Kurusha sarafu ungepatia 50. Kwa hiyo yule anayesema "mimi mtu nikimwona tu najua" hajui, amesahau tu zile mara alizokosea, au hakuwahi kuambiwa kwamba alikosea.

Stendi ni mbaya zaidi kwa jambo hili. Mtu aliyeibiwa kweli hajalala, ana aibu, hajawahi kuomba maishani, kwa hiyo anababaika, anaangalia chini, hadithi inatoka vipande vipande, anaanza katikati anarudi mwanzo. Aliyeisema hadithi hiyo mara elfu anakwambia kwa utulivu, anakuangalia machoni, anajua pa kunyamaza. Ukihukumu kwa kubabaika utamnyima yule mwenye shida na kumpa aliyezoea. Nguo chafu, machozi, mtoto mgongoni, lafudhi ya mbali, vyote hivyo havisemi chochote vikiwa peke yake.

Sasa niangalie nini?

Angalia kama maelezo yake yanaweza kukaguliwa, na anafanyaje ukitaka kuyakagua. Mwongo hawi mfupi wa maneno, anaweza kukupa maelezo mengi sana, ila ni ya aina ambayo huna pa kuyauliza. "Waliniibia vijana wawili mmoja mrefu, nililia sana, mama yangu mgonjwa." Utamuuliza nani hayo? Mkweli, ukimpa nafasi, anatoa vitu vyenye mlango wa kugonga: nimekuja na basi fulani, limeingia saa fulani, nimekaa siti ya nyuma ya mlango, konda alinigombeza sababu ya boksi langu.

Kwa hiyo usimuulize maswali ya hadithi, muulize ya safari. Sio "ilikuwaje ukaibiwa", hilo jibu lake lipo tayari. Muulize umekaa siti gani, uliyekaa naye alishukia wapi, basi lilisimama wapi kwa mara ya mwisho watu wakashuka, mlifika hapa kukiwa na jua au giza, lilikuingizia geti lipi. Muulize taratibu kama mtu anayejali, maana hiyo ndiyo sababu unauliza. Mtu aliyesafiri ana picha kichwani, atasema "subiri kidogo, ndio, jua lilikuwa linanipiga upande huu". Mwingine atakurudisha kwenye uchungu: "dada nakwambia nina shida we unaniuliza siti!" Hilo nalo sio ushahidi kamili, mtu aliyechoka anaweza kukasirika kweli, ila likitokea kila ukigusa kitu cha kukagulika basi umeshaona.

Amenionyesha tiketi aliyokuja nayo, imechanika kabisa. Si inatosha?

Tiketi zilizotumika zimejaa chini stendi nzima, asubuhi moja tu unaokota za mabasi matano. Angalia tarehe, angalia saa, angalia jina kama limeandikwa, alafu kabla hujaisoma kwa sauti muulize yeye jina lake na namba ya siti. Tiketi ya juzi mkononi mwa mtu anayesema kafika leo inajieleza yenyewe. Karatasi ya polisi nayo ni hivyo hivyo, tarehe ndio ya kwanza kuangalia, kuna mtu nilimuona na karatasi moja mpaka mikunjo ikatoboka.

Anasema amepelewa kidogo tu, sio nauli nzima. Hii si dalili ya ukweli?

Inaonekana hivyo, na ndio maana inafanya kazi. Mwaka 1994 watafiti watatu, Santos, Leve na Pratkanis, walijaribu kuwaombesha watu pesa barabarani, wengine wakaomba kiasi cha kawaida kama senti 25, wengine kiasi cha ajabu, senti 17 au 37. Waliotajiwa kiasi cha ajabu walitoa zaidi. Kiasi kisichozoeleka kinamfanya mtu asimame, ajiulize mbona hivyo, na akishasimama ameshaingia kwenye mazungumzo.

Stendi ni vile vile. "Nimepelewa kidogo" inakufanya uone watu wengine wameshamsaidia, kumebaki kwako tu kumalizia. Ni kweli mtu aliyekwama naye atafika mahali amepelewa kidogo, kwa hiyo kiasi chenyewe hakimtofautishi. Kinachomtofautisha ni kitu rahisi: mwambie akuonyeshe alichokwisha kukusanya, muende pamoja dirishani, yeye aweke chake na wewe uongezee mbele ya mkata tiketi. Aliyepelewa kweli anazo zile nyingine mfukoni. Asiyekuwa nazo ataanza kusema zipo kwa mwenzake, au kashaacha ofisini, sawa, ofisini twende.

Kwa hiyo kumnunulia tiketi ni njia salama?

Ni nzuri kuliko kumpa hela mkononi, ila ina tundu na watu wengi hawalijui. Unanunua tiketi, unampa, unaondoka na roho nyeupe, dakika ishirini baadae ile tiketi anaiuza kwa abiria mwingine kwa bei pungufu, au anairudisha kwa mtu wa ofisini wanayeelewana wanagawana. Nimeliona hili nikiwa ndani ya dirisha, tiketi niliyokata mwenyewe saa nne ikarudi saa tano na mtu mwingine kabisa akiwa kaishika, jina limekwanguliwa.

Ziba tundu hivi. Jina lake liandikwe kwenye tiketi na kwenye kitabu cha abiria. Mwambie mkata tiketi kwamba hii hairudishwi hela wala haibadilishwi jina, aandike hivyo juu yake. Bora zaidi, usinunue mapema, subiri basi linalokaribia kutoka ulipe kwa konda pale mlangoni huku yeye anapanda. Ukiweza simama mpaka liondoke. Najua una safari yako, basi angalau mwachie konda maelezo, makonda wengi wakijua huyu amelipiwa na msamaria wanamwangalia.

Akikataa tiketi anataka hela, muulize kwa nini, mara moja, kwa upole. Zipo sababu za kweli chache, kwa mfano basi la kwao linaondokea kituo kingine. Ila kama basi lipo, linaondoka, nauli inalipwa na yeye hataki kupanda, hataki kusafiri.

Naomba mfano wa tukio zima, ilivyokuwa mwanzo mpaka mwisho.

Jioni moja alikuja baba wa kama miaka 45 dirishani kwangu, sio kuomba, alikuwa anauliza nauli tu. Nikamtajia akakaa kimya akaondoka. Baada ya saa nzima nikamuona anaongea na abiria nje, abiria wanapita. Nikamuita.

"Shikamoo mzee, mbona bado upo?"

"Marahaba mwanangu. Nimepata shida."

Akasema alisinzia kwenye basi, begi dogo lililokuwa miguuni likaondoka nalo mtu, ndani yake pochi, simu na kitambulisho. Amebaki na boksi lililokuwa kwenye buti. Ana nusu ya nauli ya kwenda mbele, iliyokuwa mfuko wa shati. Kwa maneno hayo tu ni hadithi ile ile niliyoisikia mara mia, na nakiri mawazo ya kwanza yalikuwa ni huyu naye.

Nikamuuliza namba ya mkewe. Hakuikumbuka. Mwenzangu aliyekaa pembeni akaguna, kwamba umeona, mtu gani hajui namba ya mkewe. Lakini fikiria, wewe unazikumbuka ngapi kichwani? Namba zipo kwenye simu, simu imeibiwa. Kutokukumbuka hakumaanishi kitu siku hizi, mtu anaweza kuwa na watoto watano na asijue namba ya hata mmoja.

Nikamuuliza basi. Akataja, saa tisa na kitu, siti upande wa dereva mstari wa nne au wa tano hakuwa na uhakika, na konda alimtoza hela ya boksi wakabishana. Hapo ndipo nikapata mlango. Nikaenda ofisi ya basi hilo, wakampigia konda wao ambaye alikuwa ameshaenda kupumzika, na mimi nikaomba wasimtajie jambo, wamuulize tu kama leo kuna abiria alibishana naye mzigo. Konda akacheka akasema yupo mzee mmoja wa boksi la kamba nyekundu, na wakati wa kushuka alikuwa analalamika begi lake halionekani. Boksi lilikuwa miguuni kwake, na kamba nyekundu.

Haikuchukua hata robo saa. Mzee akaweka nusu yake dirishani, abiria wawili na mimi tukamalizia, jina likaandikwa, akapanda basi la usiku. Angalia kilichomtoa pale, haikuwa machozi wala sura, ni ule ugomvi mdogo wa boksi, kitu ambacho mtu anayetunga hadithi asingekuwa na sababu ya kukiweka, na ambacho mtu wa tatu asiyemjua alikuwa anakikumbuka.

Akitaka kutumia simu yangu apige nyumbani nimpe?

Usimpe mkononi. Mwambie ataje namba, wewe piga, weka sauti ya nje. Na namba yenyewe inaweza kuwa ya mwenzake aliyekaa pale ng'ambo anasubiri, kwa hiyo anza kuongea wewe, usitaje jina lake wala shida yake: "Habari, samahani, kuna ndugu yako yuko safarini leo? Anaitwa nani? Ametokea wapi?" Ndugu wa kweli atashtuka, atauliza kuna nini, wewe nani, amepata ajali? Mtu aliyepangwa mara nyingi anaanza na shida kabla hujamwambia kama kuna shida.

Na ukimpata ndugu, kuna njia nzuri kuliko mfuko wako. Ndugu atume nauli kwa namba ya ofisi ya basi, au alipe kwenye tawi lao kule anakokwenda, ofisi nyingi zinakubali kumpakia mtu akiwa amelipiwa upande wa pili. Mpeleke kwenye hilo dirisha, umemsaidia kuliko hela.

Vipi wale wanaosema nauli ya basi kubwa ninayo, nataka ya kufika kituo kingine tu?

Hii ndio ngumu kuliko zote na sina njia ya uhakika ya kukupa. Kiasi ni kidogo, hakuna tiketi ya kununua, hakuna ofisi ya kuuliza, kwa hiyo anayejua kazi yake anaipenda. Unaweza kumpandisha kwenye gari ukamlipia konda. Kama huna muda huo, toa kile ambacho hata akiwa mwongo hakitakuuma, au usitoe. Usitoe pochi mbele yake, wakati mwingine anayeongea na wewe kazi yake ni kuonyesha mwenzake mfuko upi una hela, na usikubali kutoka naye nje ya stendi kwenda "kuonyeshwa mzigo".

Hadithi yake haiungani kabisa, jina la mji linabadilika. Basi ni tapeli?

Mara nyingi, sio zote. Wapo wanaokimbia. Mfanyakazi wa ndani aliyetoroka kwa bosi anayempiga, mama aliyemkimbia mume na watoto, hao hawatakwambia ukweli wa wanakotoka wala hawataki umpigie mtu yeyote, kwa sababu huyo mtu ndiye wanayemkimbia. Vipimo vyote nilivyosema juu watafeli. Tofauti niliyoiona ni kwamba huyu ukimwambia nakulipia basi linatoka sasa hivi anapanda, tena haraka, haulizi ni siti gani. Kwa hiyo kipimo cha kupanda basi kinabaki hata pale maneno yanapogoma.

Mtoto peke yake ni jambo jingine. Usimkatie tiketi mtoto na kumpandisha basi, hujui anakwenda kwa nani wala aliyemfundisha aseme hivyo ni nani. Mpeleke polisi wa stendi au ustawi wa jamii, na usimwache mpaka umuone amepokelewa na mtu mzima aliyeandika jina lake.

Nilimpa na namba yangu anirudishie, sasa ananipigia kila siku. Na jana imekuja meseji kwamba amenirudishia zaidi, anataka chenji.

Usirudishe kitu kabla hujaangalia salio lako mwenyewe, kwa njia unayotumia siku zote, sio kwa kusoma hiyo meseji. Meseji ya kuonyesha umepokea hela mtu yeyote anaweza kuiandika na kuituma kwenye simu yako, angalia imetoka kwenye namba ya mtu au kwa mtandao wenyewe. Salio likiwa halijaongezeka, hajatuma. Na hata likiwa limeongezeka usimtumie wewe hiyo "chenji", piga huduma kwa wateja waeleze, wao ndio warudishe muamala, kwa sababu hela iliyoingia inaweza kuwa ya mtu mwingine aliyetapeliwa na wewe ukawa ndiye umeipitisha. Alafu fungia namba yake. Kama kweli alikuwa msafiri na anataka kulipa deni, hahitaji uongee naye ili aweze kulipa.